Korodani Inapouma Ghafla: Maelezo kwa Wazazi na Vijana wa Malvern

Kijana wa kiume anapopatwa na maumivu makali ya ghafla katika korodani, iwe mchana au usiku, anapaswa kufikishwa hospitalini katika saa hiyohiyo. Hakuna haja ya kusubiri kupambazuke wala kungoja kuona kama dawa ya maumivu itamtuliza. Sababu ni kwamba mojawapo ya mambo yanayoleta maumivu ya namna hiyo ni kujisokota kwa kamba inayoishika korodani na kuilisha damu. Kamba ikijisokota, korodani hukaa bila damu na huanza kufa katika muda wa saa chache.

Ili jambo hili lieleweke, ni vyema kwanza kujua jinsi korodani ilivyokaa. Kila korodani huning'inia ndani ya mfuko wake kwa kamba laini inayoteremka kutoka kwenye kinena. Ndani ya kamba hiyo hupita mshipa unaoleta damu safi, mishipa inayorudisha damu iliyotumika, neva na mrija wa kupitisha mbegu. Kwa wanaume wengi korodani imeshikamana na ukuta wa mfuko kwa upande wa nyuma, kwa hiyo haiwezi kuzunguka. Kwa baadhi yao mshikamano huo haukukamilika tangu kabla ya kuzaliwa, na korodani inaning'inia huru kama ulimi wa kengele. Hakuna mtu anayeweza kuuona upungufu huu kwa nje, nao mwenyewe hausikii. Mara nyingi upo pande zote mbili.

Mvulana anapofikia umri wa kubalehe, korodani hukua haraka na kuwa nzito. Ndiyo maana jambo hili huwapata zaidi vijana wa kati ya miaka 12 na 18, ijapokuwa mtoto mchanga au mtu mzima pia anaweza kupatwa nalo. Kamba ya korodani imezungukwa na msuli ambao huivuta korodani juu mwili unaposikia baridi, na hata mtu akiwa usingizini. Msuli huo ukikaza kwa nguvu, korodani iliyo huru inaweza kugeuka mzunguko mmoja kamili, miwili au zaidi, na kamba ikajisokota kama nguo inayokamuliwa. Wengi huamshwa na maumivu hayo usiku au alfajiri. Wengine hupatwa wakiwa mpirani au baada ya kugongwa, na wengine bila sababu yoyote inayoonekana. Kijana hakufanya kosa lolote lililolisababisha.

Kamba inapojisokota, mishipa inayorudisha damu ndiyo inayobanwa kwanza, kwa kuwa kuta zake ni laini. Damu huendelea kuingia lakini haitoki, na korodani huvimba na kuwa ngumu. Uvimbe huo unaongeza mbano, mpaka mshipa unaoleta damu nao unazibwa. Kuanzia hapo ni suala la saa. Kamba ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yalipoanza, zaidi ya korodani 90 katika kila 100 huokolewa. Zikipita saa 12, ni takriban nusu tu. Baada ya siku nzima, zinazookolewa hazifiki 10 katika 100. Saa hizi huhesabiwa tangu dakika ya kwanza ya maumivu, si tangu mgonjwa alipofika hospitalini. Hata hivyo asiwepo mzazi anayebaki nyumbani kwa kudhani kwamba muda umekwisha, kwani kamba iliyojisokota kwa kulegea kidogo huiachia korodani uhai kwa muda mrefu zaidi, na daktari peke yake ndiye anayeweza kulijua hilo.

Hapa kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa. Baada ya saa nyingi maumivu yanaweza kupungua yenyewe. Familia hufurahi na kudhani kijana anapona, kumbe mara nyingine korodani imekwisha kufa na haina tena uwezo wa kusikia maumivu.

Mtego mwingine umo katika maneno yetu. Wengi wetu tuliotoka pwani, maziwani au Kongo tumekua tukisikia habari za mshipa, ngiri na busha, na kila kinachouma au kuvimba sehemu hizo kimepewa mojawapo ya majina hayo, pamoja na dawa yake ya mizizi. Busha ni maji yanayojikusanya kuizunguka korodani. Huja polepole kwa miezi na miaka, na kwa kawaida haliumi. Ngiri ni sehemu ya utumbo inayoshuka kupitia kinenani. Aghalabu mtu hukaa nayo muda mrefu, ingawa ikinasa ghafla na kuuma nayo ni dharura ya hospitali. Mzee aliyeishi na busha kwa miaka ishirini anaweza kumwambia mjukuu wake kwa nia njema kabisa kwamba haya ni mambo ya wanaume na yatapita. Anazungumzia ugonjwa mwingine.

Yapo pia maradhi mengine yanayoumiza korodani za vijana. Mrija uliojikunja nyuma ya korodani unaweza kuingiwa na vijidudu, wakati mwingine vile vya magonjwa ya zinaa. Maumivu yake kwa kawaida huongezeka kidogo kidogo kwa siku moja au zaidi, pengine pamoja na homa na mkojo unaochoma. Matubwitubwi nayo yanaweza kuivimbisha korodani siku chache baada ya mashavu kuvimba. Kwa wavulana wadogo zaidi, kijinyama kidogo kilicho juu ya korodani huweza kujisokota chenyewe, kikauma lakini kisiidhuru korodani. Tofauti hizi zimeandikwa ili msomaji azifahamu, si ili azitumie kuamua nyumbani. Hata daktari mzoefu wakati mwingine hawezi kuzitenganisha mpaka amepasua na kuona kwa macho. Jambo moja ambalo mzazi anaweza kulipima ni namna maumivu yalivyoanza: kijana anayeweza kusema ni saa ngapi yalimshika achukuliwe kuwa kamba yake imejisokota mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo.

Dalili nyingine zinazofuatana na maumivu hayo ni kichefuchefu na kutapika, na maumivu yanayopanda kinenani na chini ya tumbo. Korodani yenyewe mara nyingi huonekana imepanda juu kuliko kawaida au imelala kiubavu, na baadaye mfuko huvimba na kuwa mwekundu au wa rangi iliyoiva. Si lazima dalili zote ziwepo. Tatizo ni kwamba kijana huanza kwa kutaja tumbo. Wakati mwingine ni kweli tumbo ndilo analolisikia zaidi, maana neva za korodani zinatoka huko juu, na wakati mwingine ni haya tu.

Tuchukue mfano. Nyumba na watu wake tumewatunga, lakini kila hatua katika mfano huu ni jambo linalotokea. Katika mtaa mmoja unaokatiza barabara ya Jules, kijana wa miaka 14 anaamka alfajiri ya baridi ya mwezi wa Julai. Ni saa kumi na nusu. Korodani ya kushoto inamuuma kama imeshikwa na koleo. Anakwenda chooni, anatapika, anarudi kitandani. Baba yake ni mlinzi na yuko kazini hadi asubuhi. Mama anamsikia, anauliza kuna nini, naye anajibu, "Mama, tumbo linaniuma." Mama anampa chai ya tangawizi na vidonge viwili vya panadoli. Vinatulia kidogo, kisha vinatapikwa.

Saa moja asubuhi wako kwenye foleni ya kliniki. Saa tatu na nusu kijana anaitwa ndani, na anarudia habari ya tumbo kwa sababu mama na mjomba wake wamesimama kando yake. Muuguzi anamlaza, anaona jinsi anavyobana mapaja, anawaomba wawili hao watoke, na hapo ndipo ukweli unapojulikana. Kliniki haina chumba cha upasuaji. Gari la wagonjwa linaitwa, na saa tano na robo wanafika hospitalini. Mjomba, ambaye ndiye anayejua Kiingereza, anaulizwa maumivu yalianza saa ngapi. Anajibu kama alivyoambiwa na dada yake: kumi na nusu. Karani anaandika 10:30.

Hapo ndipo tunapoomba msomaji atulie. Saa ya Kiswahili na saa ya hospitali zinapishana kwa saa 6 kamili. Saa kumi na nusu alfajiri ni 04:30 katika saa ya hapa. Kwa karatasi ile, maumivu ya kijana yalikuwa na dakika 45 tu, hali kwa kweli yalikuwa yamekaribia saa 7. Na saa 6 ndizo zilezile zinazotenganisha korodani nyingi zinazookolewa na zile zinazoanza kupotea. Kwa hiyo andikeni saa hiyo kwenye kipande cha karatasi au kwenye simu, kwa tarakimu, kama inavyosomeka kwenye uso wa simu, na mwonyesheni muuguzi kwa macho badala ya kumtafsiria kwa mdomo. Ikiwa simu haikuangaliwa, semeni kulikuwa giza, au kabla ya adhana ya alfajiri, au baba alikuwa hajarudi kazini. Muuguzi atahesabu.

Kijana huyo alipopasuliwa ilikuwa saa saba kasorobo mchana, zaidi ya saa 8 tangu alipoamka. Kamba ilikuwa imejisokota mara mbili. Madaktari waliifungua, wakaifunika korodani kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, wakasubiri rangi irudi. Haikurudi, wakaiondoa. Katika muda wote uliopotea, upasuaji wenyewe ulichukua sehemu ndogo sana. Saa mbili na nusu zilipotea kitandani kwa sababu ya neno tumbo, saa mbili na nusu nyingine katika foleni kwa sababu ya neno hilohilo. Kama angesema korodani saa kumi na moja kasoro, na jirani mwenye gari akagongewa mlango, angeweza kuwa mikononi mwa mpasuaji kabla jua halijapanda.

Kutoka Malvern, hospitali za serikali zenye idara ya dharura zilizo karibu ni Charlotte Maxeke iliyoko Parktown, na Bertha Gxowa iliyoko Germiston. Gari la wagonjwa huitwa kwa nambari 10177, au 112 kutoka simu ya mkononi. Ikiwa mnaambiwa kwamba gari litachelewa, na kuna usafiri mwingine wa salama, tumieni huo. Usiku na mwisho wa juma msingoje kliniki ifunguliwe. Mchana, ikiwa kliniki ndiyo iliyo karibu na hamna usafiri, nendeni huko, lakini msikae kwenye foleni: nendeni moja kwa moja kwa muuguzi, mmwambie ni korodani, imeanza ghafla, na saa yake ni hii. Kliniki ina njia ya kuita gari la wagonjwa na kuiarifu hospitali.

Hospitalini wagonjwa hawaonwi kwa mpangilio wa kufika. Muuguzi wa mapokezi hupima hali ya kila mmoja na kumpa rangi. Nyekundu ni wa papo hapo, ya chungwa ni wa kuonwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, na kijani anaweza kusubiri hadi saa 4. Ukali wa maumivu ni mojawapo ya vitu vinavyoamua rangi hiyo. Vijana wengi wamelelewa kuvumilia, na akiulizwa mbele ya watu hujibu kwamba si sana. Uvumilivu huo unaweza kumgharimu saa 4. Mwambieni kabla hamjafika kwamba pale ni mahali pa kusema ukweli wote, na mkiona ameaibika, mama na atoke nje. Anaweza pia kuomba aonwe na muuguzi au daktari wa kiume, ingawa tunashauri asimkatae wa kike ikiwa ndiye aliyepo.

Daktari atamtazama na kumgusa korodani, na pengine atampitishia kidole upande wa ndani wa paja. Kwa kawaida kitendo hicho huifanya korodani ya upande huo iruke juu kidogo, lakini kamba ikiwa imejisokota mara nyingi haisogei. Huenda pia atafanyiwa altrasaundi, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha kama damu inapita. Daktari akiwa na hakika ya kutosha, hatasubiri kipimo hicho, atampeleka kupasuliwa. Wazazi wengine huona hilo kama pupa. Si pupa: kupasua na kukuta kamba ni nzima ni kosa dogo linalopona kwa kidonda kidogo, na kusubiri picha huku kamba imejisokota ni kosa lisilorekebishika. Mara nyingine daktari hujaribu kwanza kuizungusha korodani kwa mkono kutoka nje. Asijaribu mtu mwingine yeyote. Si korodani zote zinazojisokota kuelekea upande mmoja, na anayekosea upande anaikaza zaidi. Hata mkono ukifaulu, upasuaji bado unahitajika.

Wakati wa kwenda hospitali kijana asile wala asinywe, kwa kuwa atapewa dawa ya usingizi. Ikiwa amekwisha kula, semeni wazi, wala msibaki nyumbani kungoja tumbo liwe tupu. Kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga, kumchua kwa mafuta au kumpa antibaiotiki iliyobaki kabatini, hakuna kati ya hayo kinachofungua kamba.

Upasuaji hufanyika kwa mkato mdogo kwenye mfuko. Korodani ikiwa hai, kamba hufunguliwa na korodani hushonwa ukutani kwa nyuzi ili isizunguke tena. Ya upande wa pili nayo hushonwa siku hiyohiyo, maana kasoro ya kuzaliwa mara nyingi iko huko pia. Mzazi asishangae kuona kijana ana kidonda pande zote mbili. Ikiwa moja imekufa huondolewa, na ile iliyobaki, ikiwa nzima, kwa kawaida inatosha kumpa sauti ya kiume, ndevu, nguvu na watoto.

Kuhusu ruhusa ya upasuaji: sheria ya watoto ya Afrika Kusini, nambari 38 ya mwaka 2005, inamruhusu mtoto aliyetimiza zaidi ya miaka 12 na mwenye uelewa wa kutosha kutoa ridhaa ya upasuaji akisaidiwa na mzazi au mlezi. Mzazi akiwa hapatikani na jambo haliwezi kungoja, mkuu wa hospitali anaweza kuruhusu ili kumwepusha mtoto na madhara ya kudumu. Kwa hiyo baba aliye lindoni na mama aliye safarini wasiwe sababu ya kijana kubaki nyumbani. Shangazi, kaka au jirani ampeleke, huku wazazi wakitafutwa kwa simu.

Kuhusu vibali, tunajua hofu iliyopo, na wapo waliowahi kuzuiwa mlangoni. Kifungu cha 27(3) cha Katiba ya nchi hii kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Taifa ya Afya, nambari 61 ya mwaka 2003, kinawakataza watoa huduma na vituo vya afya kuyakataa. Hakuna kati ya vifungu hivyo kinachotofautisha mwenye kitambulisho na asiye nacho. Huenda mkaulizwa karatasi, na huenda baadaye mkaletewa hesabu ya malipo. Hayo ni ya baadaye. Mtu akiwazuia, ombeni kuonana na muuguzi mkuu wa zamu au daktari, na mtaje neno dharura kwanza kabla ya neno jingine lolote.

Mwisho, kuna kijana ambaye maumivu yalimshika ghafla, yakadumu nusu saa, kisha yakaondoka kabisa. Huenda kamba ilijisokota na kujifungua yenyewe. Yakiwa yamekwisha, aonwe na daktari siku hiyo au kesho yake, aeleze ni mara ngapi yamewahi kumtokea, kwani anaweza kupangiwa kushonwa korodani zote mbili kabla ya usiku ambao kamba haitajifungua. Yakirudi kabla ya hapo, haendi kungoja miadi yake. Anakwenda hospitalini saa ileile.